Gridi ya mlimani inapokupeleka pasipo: kusoma MGRS na kuigeuza kuwa latitudo na longitudo

Timu ya ardhini inasoma gridi ya MGRS, yaani mfumo wa kijeshi wa kutaja mahali kwa herufi na tarakimu; rubani anataka latitudo na longitudo. Marekani wameliweka hilo hadi kwenye taratibu zao za uokoaji: walio ardhini hutumia gridi ya mtindo wa kijeshi, walio angani hutumia nyuzi na dakika zenye desimali. Kwa hiyo lazima awepo mtu katikati, kwenye meza ya redio, anayegeuza hiki kuwa kile. Makosa mengi hutokea hapo, na karibu kila kosa lina alama yake: ukitazama nukta imeangukia wapi, unaweza kukisia kilichoharibika kabla hujaanza kumlaumu mtu.

Nitatumia Mlima Kenya kwa sababu ni mahali pagumu kuliko panavyoonekana. Kilele cha Batian kiko kusini ya ikweta kwa kilomita 17 hivi, ilhali mji wa Nanyuki, wanakoanzia wapandaji wengi, uko kaskazini yake kidogo tu. Gridi hubadilika sura ukivuka mstari huo.

Kwanza, gridi iliyo sawa inasomwaje

Tuchukue ujumbe huu umefika redioni: `37M CV 102 815`.

`37` ni kanda ya dunia yenye upana wa nyuzi sita, kuanzia longitudo 36 hadi 42 mashariki. Mstari wake wa kati ni 39. `M` ni ukanda wa latitudo, kuanzia nyuzi 8 kusini hadi ikweta. `CV` ni mraba wa kilomita 100 kwa 100. Tarakimu sita zinazofuata hukatwa katikati: tatu za kwanza ni umbali wa kwenda mashariki ndani ya mraba, tatu za mwisho ni wa kwenda kaskazini. Tarakimu tatu kila upande maana yake umepewa kijiraba cha mita 100. Nne kila upande ni mita 10, tano ni mita moja.

Sasa ifunguliwe. `C` katika kanda ya 37 ni mita 300,000 mashariki, na `V` kwa upande huu wa kusini ni mita 9,900,000. Ongeza 10,200 na 81,500, unapata 310,200 na 9,981,500. Hiyo ni kona ya kusini-magharibi ya kijiraba. Mgonjwa yuko mahali fulani ndani yake, kwa hiyo ongeza 50 kila upande uwe katikati: 310,250 na 9,981,550.

Mstari wa kati wa kanda hupewa namba 500,000, na kusini ya ikweta hesabu ya kaskazini huanzia 10,000,000 ikishuka. Kwa hiyo mtu wetu yuko mita 189,750 magharibi ya longitudo 39 na mita 18,450 kusini ya ikweta. Kwa eneo la mlima huu, kigawio kinachofaa ni mita 110,580 kwa kila nyuzi ya latitudo na mita 111,290 kwa kila nyuzi ya longitudo:

```
latitudo  = (9981550 - 10000000) / 110580 = -0.16685
longitudo = 39 + (310250 - 500000) / 111290 = 37.29500
```

Programu kamili inatoa 37.29501, tofauti ya mita moja. Vigawio hivyo viwili usivibebe kwenda Kilimanjaro wala Rwenzori. Nimevipima kwa hapa, na kadiri unavyoiacha ikweta nyuzi ya longitudo huzidi kuwa fupi. Kwingine tumia programu. Hesabu ya mkono ni ya kukujulisha kama programu imekudanganya.

Kwa rubani inakuwa nyuzi 0 dakika 10.011 kusini, nyuzi 37 dakika 17.701 mashariki. Ni kilomita mbili na ushee kusini-magharibi ya Batian, upande wa bonde la Teleki. Shika nukta hiyo akilini, kwa maana sasa tutaipoteza kwa njia kadhaa.

Programu inakataa kabisa, inasema gridi si halali

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu kosa limejitangaza lenyewe. Hesabu tarakimu kwanza. Zikiwa tano au saba, moja imemezwa na redio, na hakuna ujanja wa kuirudisha ila kuuliza tena. Usiongeze sifuri mwishoni ili zikamilike.

Tarakimu zikiwa shwari, shuku herufi ya ukanda. "Em" na "eni" kwenye redio yenye upepo ni kitu kimoja, na hapa ndipo mkosi ulipo: M iko kusini ya ikweta, N iko kaskazini, na mlima uko karibu na mpaka wenyewe. Ndiyo maana ya kusema "Maiki" na "Novemba".

Habari njema ni kwamba herufi ya pili ya mraba inakusaidia kuamua. Katika kanda ya 37, miraba iliyo kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 8 ina herufi ya pili kati ya A na J. Iliyo kusini hadi nyuzi 8 ina herufi kati ya M na V. Makundi hayo mawili hayagusani. Kwa hiyo `37N CV` haiwezekani kuwapo. V inakuambia kwamba aliyesema alikusudia M. Kwa njia hiyo hiyo `37M BA` ni `37N BA`, yaani upande wa Nanyuki. Ukiwa magharibi ya longitudo 36, kwa mfano Eldoret au nchini Uganda, uko kanda ya 36 na mpangilio wa herufi umesogea: hapo mstari ulio juu tu ya ikweta ni F, na ulio chini yake ni E.

Kuna sababu moja zaidi ya kukataliwa, na imewahi kunipotezea muda mwingi wakati wa zoezi. Mtu ana ramani ya karatasi ya zamani, au kifaa kilichowekwa kwenye datumu ya Arc 1960, yaani msingi wa vipimo uliotumika kuchora ramani hiyo, naye anasoma `37M CK`. Hajakosea. Kwa datumu zinazotumia umbo la dunia la Clarke 1880, kanuni ya MGRS husogeza herufi ya pili kwa nafasi kumi, hivyo V ya WGS 84, datumu ya kawaida ya GPS, inakuwa K. Programu yako iliyo kwenye WGS 84 itakataa, au ikiwa si kali itakutupa kusini mwa Tanzania, kilomita 1,000 kutoka alipo mgonjwa. Ukiona K palipotarajiwa V, huna shida ya herufi tu. Una shida ya datumu, na hiyo nimeieleza mwishoni.

Nukta imeangukia Siria, au Ncha ya Kaskazini

Inachekesha hadi uwe zamu. Chanzo ni mtu aliyeandika `37S` akikusudia "37 kusini". Katika MGRS herufi S haimaanishi kusini. Ni ukanda wa nyuzi 32 hadi 40 kaskazini. `37S CV 102 815` ni gridi halali kabisa, na mahali pake ni kusini-magharibi ya Aleppo. Programu haina sababu ya kulalamika.

Ndugu yake hutokea unapoingiza namba kamili za UTM, zile za mita kama 310,250 na 9,981,550, badala ya MGRS. Programu nyingine zinauliza tu kama ni nusu ya kaskazini au ya kusini. Ukiiacha kwenye kaskazini, 9,981,550 inasomwa kama mita kutoka ikweta kwenda juu, na hapo umefika karibu na Ncha. Tiba ni kuangalia chaguo hilo la nusu ya dunia, wala usiguse namba.

Nukta iko Kenya lakini kilomita 80 na zaidi kutoka mlimani

Hapa inabidi utazame upande na umbali, kwa sababu makosa matatu hufanana usoni.

Nukta ikiwa kilomita 141 kaskazini-magharibi, huko upande wa Baringo, mtu ameazima herufi za mraba. Hutokea hivi: walio mlimani wanasema "102 815" tupu, kwa kuwa ramani yao ni moja na wote wanajua wako wapi. Aliye Nanyuki anatazama kifaa chake mwenyewe, anaona `37N BA`, anajaza pengo. Mraba wa kilomita 100 unajirudia, na tarakimu zile zile zipo ndani ya kila mraba. Kutoka Nanyuki hadi kileleni herufi zote tatu hubadilika, kwani pamoja na mpaka wa ikweta kuna mpaka wa B na C unaopita kwenye longitudo 37.203 hivi, kati ya mji na kilele. Kwingi duniani kuacha herufi ndani ya eneo dogo si hatari. Hapa ni hatari, na mimi sipokei gridi isiyo nazo.

Nukta ikiwa kilomita 100 kusini-mashariki, kwenye tambarare za joto upande wa Mwingi, tarakimu zimepinduliwa: imesomwa 815 102. Waliozoea kusema latitudo kwanza hulifanya sana kosa hili, kwa sababu latitudo ni kaskazini na kusini, ilhali gridi huanza na mashariki. Watu wa ramani hufundishana "tembea ndani ya nyumba kisha panda ngazi". Uthibitisho wa haraka ni kimo. Muulize aliye mlimani saa yake au kifaa chake kinasoma mita ngapi. Akisema zaidi ya 4,000 na nukta yako iko kwenye mbuga ya migunga, huhitaji ushahidi mwingine.

Nukta ikiwa kusini, karibu na Makuyu, kosa ni la sifuri. Kisanduku cha programu kilitaka tarakimu tano kila upande, mtu akaandika 00102 na 00815. Sifuri za gridi hujazwa kulia: 10200 na 81500. Ukizijaza kushoto umesema mita 102 na mita 815 kutoka kona ya mraba wa kilomita 100, na nukta hung'ang'ania kwenye kona hiyo. Dalili hii ni rahisi kuijua ukishaiona mara moja: gridi zote za siku hiyo, hata za watu walio mbalimbali, zinarundikana mahali pamoja kwenye kona.

Gridi imesomwa vizuri, lakini helikopta imekwenda kilomita 15 au 37 kando

Sasa kosa limehamia upande wa pili, kwenye latitudo na longitudo zenyewe.

Kilomita 37 kaskazini, huko ng'ambo ya Timau, ni alama ya kutoa iliyopotea. Nukta yetu iko mita 18,450 kusini ya ikweta. Ikisomwa kaskazini inaruka mara mbili ya hapo. Mtu anaweza kusahau tu kusema "kusini". Lakini kuna namna ya kupotea ambayo ni ya kwetu hasa, sisi tunaokaa ndani ya nyuzi moja ya ikweta. Majedwali mengi ya kompyuta huhifadhi nyuzi kwenye safu moja na dakika kwenye nyingine, na alama ya kutoa huwekwa kwenye safu ya nyuzi. Kwa Mombasa huandikwa -4 na 3, na inafanya kazi. Kwetu nyuzi ni sifuri, na kompyuta haioni tofauti ya -0 na 0. Ukiandika -0 na 10.011 inakurudishia 0 na 10.011, kaskazini. Jedwali hilo lilipimwa kwa Nairobi, ambako nyuzi ni -1, likafaulu, na hakuna aliyeshuku. Dawa ni safu ya tatu yenye herufi N au S, na alama itokane na hiyo:

```
=IF(C2="S",-1,1)*(A2+B2/60)
```

A2 ni nyuzi bila alama, B2 ni dakika.

Kilomita 15 kaskazini-magharibi, chini kwenye miteremko kuelekea mashamba, ni dakika zilizogeuzwa kuwa desimali za nyuzi. Umesema "sifuri, kumi nukta sifuri kumi na moja", mwenzio akaandika 0.10011. Longitudo nayo ikawa 37.17701. Namba zinafanana na za kweli kiasi kwamba jicho halizikatai. Sema neno "dakika" kila mara, na muombe anayepokea azisome tena kwa maneno yake.

Kosa dogo zaidi la familia hiyo ni kusoma dakika 10.011 kama dakika 10 na sekunde 11. Hilo linakusogeza mita 320 hivi kusini, na linaweza kukuchanganya na tatizo linalofuata.

Nukta iko bonde sahihi lakini haiko pale

Hitilafu ya mita mia chache ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa.

Ikiwa ni mita 70 kaskazini-mashariki au kusini-magharibi, ni suala la kona na kitovu. Gridi ya tarakimu sita inataja kijiraba, na programu hutofautiana: nyingine hukupa kitovu, nyingine kona ya kusini-magharibi. Programu ya `GeoConvert` hutoa kitovu isipokuwa umeiwekea `-n`:

```
echo 37MCV102815 | GeoConvert
-0.16685 37.29501
echo 37MCV102815 | GeoConvert -n
-0.16730 37.29456
```

Yote mawili ni majibu sahihi ya swali moja. Usihangaike kuyasuluhisha, mwambie rubani kwamba nukta ni kijiraba cha mita 100, naye ajue atatafuta upana gani. Hapa pia ndipo wanaokadiria hukosea. Ukiwa na 10218 81567, tarakimu sita zake ni 102 815. Gridi hukatwa, haikadiriwi kwenda juu. Anayesema 102 816 amekupa kijiraba cha jirani.

Ikiwa ni mita 300 na zaidi, shuku datumu kabla ya kitu kingine chochote. Ramani za topografia za Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, na GPS ikitoka kiwandani iko WGS 84. Mahali pamoja pana namba mbili tofauti: kwa WGS 84, namba ya kaskazini hupungua kwa mita 300 hivi na ya mashariki huongezeka kwa mita 90 hivi. Kwa hiyo ukisoma gridi kwenye karatasi ya Arc 1960 na kuiingiza kama ilivyo kwenye GPS ya WGS 84, utapelekwa mita 300 kaskazini mno na 90 magharibi mno. Kwenye uwanda unapaza sauti tu mnaonana. Kwenye mabonde ya Mlima Kenya mita 300 zaweza kuwa upande wa pili wa ukingo wa mwamba, na saa mbili za kuzunguka.

Jinsi ya kuhakikisha: chagua kitu ambacho hakisogei na kinaonekana kwenye karatasi, kwa mfano kibanda cha wapandaji au mahali mito miwili inapokutana. Soma gridi yake kwenye karatasi. Kisha tafuta kitu hicho hicho kwenye picha ya setilaiti au simama hapo na GPS. Rudia kwa kitu cha pili. Tofauti zote mbili zikiwa upande mmoja na kiasi kimoja, ni datumu. Zikiwa huku na huku, mtu anasoma ramani vibaya.

Kwenye kifaa, fungua mpangilio wa `Position Format` na ule wa `Map Datum` ulio jirani yake. Wengi hubadilisha wa kwanza kuwa `MGRS` na hawautazami wa pili. Kama timu ina karatasi ya Arc 1960, ama vifaa vyote vya timu hiyo viwekwe Arc 1960 na hilo litamkwe redioni pamoja na gridi, ama anayesoma karatasi atoe mita 300 kaskazini na kuongeza 90 mashariki kabla hajazungumza. Mfano wetu, kama 102 815 ingekuwa imetoka kwenye karatasi, gridi ya WGS 84 ingekuwa 103 812 hivi. Nimeona timu moja ikifanya yote mawili kwa pamoja, kifaa kimebadilishwa na mtu naye kaondoa mita 300, wakajikuta mita 300 upande wa kusini. Tangu hapo kwenye daftari la redio nina safu ya datumu karibu na safu ya gridi, na ikiwa tupu ninauliza.